Mgeni Kaingilia Mlango Gani?

Jumamosi saa mbili asubuhi, fundi cherehani wa Morogoro anaweka YouTube video ya dakika tisa inayoonyesha jinsi ya kukata gauni la solo. Papo hapo anatuma linki yake kwenye makundi matatu ya WhatsApp: la mafundi wenzake, la ukoo na la kikoba. Kufika Jumatatu usiku video imetazamwa zaidi ya mara elfu moja, kiwango ambacho chaneli yake haijawahi kukifikia. Jumatano grafu inaporomoka hadi karibu na sakafu. Alhamisi anashika simu ili abadilishe kichwa cha video na picha ya jalada, kwa kuwa anaamini video imekufa.

Fundi huyu ni wa mfano, na hesabu zake zimetungwa ili msomaji azifuatilie bila taabu. Kosa analokaribia kulifanya, hata hivyo, ni la kweli, nalo huanzia mahali pamoja: kutazama jumla peke yake. Mstari ule mmoja wa grafu ulikuwa umebeba watu wa aina mbalimbali waliofika kwa njia tofauti. Wale wa WhatsApp walikuja kwa kishindo na kuondoka. Chini yao, bila kuonekana, kulikuwa na watu kumi na wanane kwa siku, kisha thelathini, kisha hamsini, waliokuwa wakiandika wenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia maneno "jinsi ya kukata solo". Kichwa alichotaka kukifuta ndicho kilichokuwa kikiwaleta.

Ripoti inayotenganisha makundi haya ipo bure kwa kila mwenye chaneli. Kwenye kompyuta hufunguliwa kupitia studio.youtube.com: mwenye chaneli anachagua video moja, anaingia "Analytics", kisha "Reach", na hapo anakuta orodha inayoeleza jinsi watazamaji walivyoifikia video. Akibonyeza "See more", jedwali kamili linafunguka, na safu yake ya kwanza inaitwa "Traffic source", yaani chanzo cha watazamaji. Programu ya YouTube Studio ya simu nayo ina orodha hiyo, ingawa jedwali la kompyuta ndilo linaloachia nafasi ya kuchimba. Ni vizuri kuanza na video moja badala ya chaneli nzima. Chaneli yenye video fupi za Shorts huwa na mstari wa "Shorts feed" mkubwa kiasi cha kuifanya mistari mingine ionekane kama makombo, na hapo hakuna kinachosomeka.

Baada ya siku 28, jedwali la fundi wetu linaonyesha video imetazamwa mara 6,000. Mstari wa "YouTube search" una 2,100. "Suggested videos" ina 1,500, "External" ina 1,200, na "Browse features" ina 600. "Direct or unknown" ina 300, na 300 nyingine zimetawanyika kwenye vyanzo vidogo. Mtu akiishia hapo atasema utafutaji umeongoza kwa asilimia 35 na linki za nje zimeleta asilimia 20, tofauti isiyo kubwa sana.

Lakini kuna safu nyingine pembeni, "Average view duration", inayoonyesha mtu alitazama kwa muda gani kwa wastani. Aliyetoka kwenye utafutaji alikaa dakika 5 na sekunde 10. Aliyetoka kwenye video zilizopendekezwa alikaa dakika 3 na sekunde 20. Aliyefuata linki ya nje alikaa dakika 1 na sekunde 5. Zidisha kila muda kwa idadi ya waliotazama, na picha inabadilika kabisa: utafutaji umeleta saa 181 hivi za kutazamwa, mapendekezo saa 83, na linki za nje saa 22 tu. Shangazi wa kundi la ukoo aliifungua video kumpongeza mpwa wake, akaona ni yeye kweli, akafunga. Alifanya jambo la upendo, lakini hakuwa na kitambaa mezani wala mkasi mkononi.

Hizi ndizo njia tatu zinazofaa kutenganishwa kwanza, kwa kuwa kila moja humleta mtu mwenye nia tofauti. Wa utafutaji kabisha hodi akiwa na swali lake. Wa mapendekezo alikuwa kwa jirani, akaonyeshwa mlango wa pili. Wa linki ya nje kaelekezwa na mtu au ukurasa ulioko nje ya YouTube. Mstari wa "Browse features" ni jambo jingine, na wengi huuchanganya na mapendekezo: huo ni wa ukurasa wa mwanzo wa YouTube na ukurasa wa chaneli ambazo mtu anazifuatilia, mahali ambapo mtu hufika kabla hajaanza kutazama chochote. "Suggested videos" ni zile zinazojitokeza pembeni mwa video anayoitazama, au chini yake kwenye simu, au zinazofuata inapokwisha.

Majina haya ni milango tu. Kila mlango hufunguka ukibonyezwa, na maelezo yenye thamani yapo ndani yake.

Fundi akibonyeza "YouTube search" anaona maneno yenyewe yaliyoandikwa na watu. La kwanza ni "jinsi ya kukata solo", lililoleta watazamaji 640. Linafuata "kukata gauni la solo", 410. Chini kidogo yupo mgeni asiyetarajiwa: "mishono ya vitenge", 90, na wastani wa kutazama wa sekunde 40. Watu hawa walitaka kuona picha za mitindo ili wachague cha kumpelekea fundi wao, wakakuta chaki na futikamba. Video haina kasoro, ila swali lao lilikuwa jingine. Kama neno hilo lingeleta watu 900 badala ya 90, wastani wa video yote ungeshuka, na mwenye chaneli angeanza kukata sehemu za somo lililo zuri. Kwa hiyo kila neno lisomwe pamoja na muda wake. Neno lenye watu wengi na muda mrefu ni ushahidi kwamba swali na jibu vimekutana. Neno lenye watu wengi na muda mfupi linaeleza kuwa kichwa cha video kinaahidi kitu ambacho ndani hakimo, au kwamba neno lenyewe lina maana mbili mitaani.

Katika orodha hiyo hiyo lipo jina la chaneli yake, limeandikwa mara 260. Hapa ndipo wasomaji wengi wa ripoti hupotea. Mtu anayeandika jina la chaneli hakuigundua kwa kutafuta. Tayari alikuwa anaifahamu. Huenda aliiona TikTok, huenda mteja alimsimulia kwenye daladala, huenda jina limebandikwa mlangoni mwa banda la kushonea. YouTube inamhesabu kwenye utafutaji kwa sababu ndiyo njia aliyoingilia, ila chanzo chake halisi kipo kwingine. Anayetaka kujua somo lake linapatikana kiasi gani na watu wasiomjua hana budi kuwatoa hao 260 kwanza, abaki na 1,840.

Orodha ya maneno haitajumlisha hadi 2,100 hata akihesabu mara ngapi. Maneno yaliyoandikwa na watu wachache mno hayaonyeshwi, sehemu kwa ajili ya kulinda siri ya watumiaji. Kwa Kiswahili pengo hilo linaweza kuwa pana kidogo, kwa kuwa swali moja huandikwa kwa namna nyingi: "jinsi ya kukata solo", "namna ya kukata solo", "kukata solo kwa urahisi", na yote hayo bila hesabu ya makosa ya tahajia. Kila umbo huhesabiwa peke yake. Anayesoma ripoti ayakusanye mwenyewe kwa maana, hata kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuamua ni swali gani lina watu.

Mlango wa mapendekezo ukifunguliwa, badala ya maneno yanatokea majina ya video. Hizi ndizo video ambazo mtu alikuwa akizitazama kabla hajavuka kuja kwa fundi. Swali la kwanza la kuuliza ni moja: video hizi ni za nani?

Kati ya 1,500 za fundi wetu, 700 zimetoka kwenye video yake mwenyewe ya zamani, inayofundisha kumpima mteja. Hiyo ni habari njema ya aina yake, maana aliyemaliza kupima sasa anataka kukata, na masomo mawili yamejipanga kama ngazi. Hata hivyo idadi hiyo isihesabiwe yote kuwa kazi ya mitambo ya YouTube. Linki inayowekwa kwenye maelezo chini ya video nayo huhesabiwa humu humu, kwenye "Suggested videos". Fundi aliweka linki ya somo la solo chini ya somo la kupima, kwa hiyo sehemu ya hao 700 aliwavusha mwenyewe, na ripoti haisemi ni wangapi. Kwa upande mwingine, video zinazowekwa kwenye skrini ya mwisho wa video zina mstari wake, "End screens", na hazichanganywi na hizi.

Mara 520 nyingine zimetoka kwenye video moja tu ya mtu mwingine, mwenye chaneli kubwa ya mitindo. Zilizobaki 280 zimetawanyika kwenye video kadhaa za ushonaji. Tofauti kati ya 520 hizo na 280 zile ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayepokea wageni kutoka kwa jirani mmoja hutegemea umati wa jirani huyo: video ile ikipoa, wageni nao wanakatika, na mwenye chaneli hana alilokosea. Anayepokea wachache wachache kutoka kwenye video nyingi za somo moja ameshawekwa na YouTube katika kundi la masomo hayo, na mtiririko wa namna hiyo haukatiki kwa siku moja.

Januari 2018, kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES mjini Las Vegas, Neal Mohan, aliyekuwa mkuu wa bidhaa wa YouTube wakati huo na leo ndiye mkuu wa kampuni, alisema kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu wanautumia kutazama YouTube hutokana na mapendekezo ya mitambo yake. Kauli hiyo imewafanya wengi wadhani kila chaneli inapaswa kuonyesha sura hiyo. Lakini Mohan alizungumzia YouTube yote kwa ujumla, yenye muziki, vichekesho na mpira. Chaneli changa ya ufundi inayojibu maswali inaweza kuishi kwa utafutaji kwa miezi mingi na ikawa na afya.

Ripoti pia ina safu mbili zinazovutia macho: "Impressions", mara ambazo picha ya jalada imeonyeshwa, na "Impressions click-through rate", asilimia ya waliobofya. Picha huhesabiwa kuwa imeonyeshwa iwapo imekaa kwenye skrini zaidi ya sekunde moja na angalau nusu yake inaonekana. Kwenye utafutaji, picha ya fundi imeonyeshwa mara 26,000 na karibu asilimia 8 wamebofya. Kwenye mapendekezo imeonyeshwa mara 50,000 na waliobofya ni asilimia 3. Kushindanisha 8 na 3 ni sawa na kumlaumu mwenye duka kwa sababu wapita njia hawakununua kama walioingia wakitafuta uzi. Aliyetafuta alikuwa na haja. Aliyependekezewa alikuwa na shughuli nyingine. Asilimia ya chanzo kimoja ilinganishwe na ya chanzo hicho hicho katika video nyingine ya mtu huyo huyo. Na mapendekezo yanapoanza kupanuka, asilimia hiyo mara nyingi hushuka huku watazamaji wakiongezeka, kwa kuwa picha sasa inapelekwa mbele ya watu wasiohusika sana na ushonaji.

Kwenye "External" safu hizo mbili ziko tupu. Watu huiona hali hiyo wakadhani ripoti imeharibika. YouTube huhesabu picha zinazoonyeshwa ndani ya kurasa zake. Haina habari ni watu wangapi waliiona linki kwenye kundi la WhatsApp wakaipita.

Ndani ya "External" fundi anakuta WhatsApp ikiwa na 930, "Google Search" 150, Facebook 80, na kurasa nyingine 40. Hizo 150 zinastahili kutazamwa mara mbili. Mtu aliyeandika swali kwenye Google akaletwa kwenye video ni mtafutaji kwa nia, ijapokuwa kahesabiwa kwenye linki za nje. Mstari wake una wastani wa dakika 4 na sekunde 40, ulio karibu kabisa na wa utafutaji wa ndani na mbali sana na wa WhatsApp. Kwa hiyo wastani ule wa dakika 1 na sekunde 5 ulikuwa umechanganya watu wa tabia mbili, na ukiwatoa wa Google, wa WhatsApp wenyewe hawakufikisha hata dakika moja.

Linki za nje nazo huonekana chache kuliko zilivyo. Mtu akifungua linki kutoka kwenye programu isiyojitambulisha, au akiandika anwani moja kwa moja, YouTube haina pa kumweka isipokuwa "Direct or unknown". Dalili ya kutafuta ni tarehe. Ikiwa "Direct or unknown" imepanda siku zile zile "External" ilipopanda na ikashuka nayo, yumkini ni wimbi moja lililogawanywa mafungu mawili. Kwa fundi, 210 kati ya zile 300 ziliingia katika siku tatu za mwanzo. Hapo haihitaji kubahatisha sana.

Kuna mtego mmoja unaowapata wasomaji wa Afrika Mashariki hasa. Siku katika ripoti hizi huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Usiku wa manane wa kule ni saa nne asubuhi hapa wakati wa majira yao ya joto, na saa tano asubuhi wakati wa baridi. Linki aliyoituma fundi Jumamosi saa mbili asubuhi, pamoja na wote walioifungua kabla ya saa nne, imeandikwa kwenye safu ya Ijumaa. Anayelinganisha ripoti na siku aliyotuma ujumbe, bila kulijua hilo, ataona wimbi limeanza kabla hajatuma kitu, na ataanza kumtafuta mfadhili asiyekuwepo. Ripoti za vyanzo pia huchelewa kama siku mbili kukamilika. Ile Alhamisi aliyotaka kubadilisha kichwa, fundi alikuwa bado hajaona hesabu kamili ya Jumatano.

Grafu ya vyanzo ikichorwa siku kwa siku, kila njia huwa na mwendo wake. WhatsApp hupanda ghafla na kuanguka ndani ya siku tatu au nne. Utafutaji huanza chini, hukaa muda mrefu bila kuvutia macho, kisha hupanda kama mtu anayepanda mlima Uluguru kwa mguu. Mapendekezo mara nyingi hukaa karibu na sifuri, halafu huruka ngazi moja ghafla. Kwa fundi yaliruka siku ya 18, YouTube ilipokwisha kuona watazamaji wa kutosha walioitazama video hiyo kwa utulivu. Panapotokea mruko, kazi ni kuuliza ni mstari upi ulioruka, kisha kufungua mlango wake na kuona nani ameingia. Hakuna haja ya kugusa video kabla ya hapo.

Kitu ambacho ripoti haitamwambia fundi ni kundi lipi kati ya yale matatu lililofanya kazi. Kwenye jedwali yote ni WhatsApp. Njia iliyobaki ni ya kizamani: kuyatumia makundi linki katika siku tofauti, kisha kutazama mistari.

Ndivyo anavyopanga kwa video inayofuata. Katika orodha ya maneno ameona "nusu solo" ikiwa na watu 55 walioondoka baada ya dakika moja na nusu, kwa kuwa somo lake lilikuwa la solo kamili. Ataikata nusu solo, na kichwa cha video kitakuwa maneno yale yale waliyoyaandika. Kichwa cha somo la kwanza hakiguswi. Chini yake ataongeza linki ya somo jipya. Kundi la mafundi litapata linki Jumamosi saa sita mchana, baada ya siku ya ripoti kuanza. La kikoba litaipata Jumanne, saa hiyo hiyo. La ukoo litasubiri hadi Ijumaa, na shangazi ameshaambiwa kuwa safari hii video yake itachelewa.